Wanachama 420, mahojiano 385: kisa cha chama cha maziwa upande wa Njoro

Mama Katibu wa chama kimoja cha ushirika wa maziwa upande wa Njoro, kaunti ya Nakuru, alinipigia simu jioni moja akiwa na swali moja tu. "Mwalimu, sisi ni wanachama 420. Huyu kijana wetu wa utafiti anasema tuwahoji 385. Sasa hawa 35 tunawaacha kwa nini? Si tuwahoji wote tumalize?"

Swali lake lilikuwa na akili kuliko hesabu aliyopewa, na ndilo lililonifanya nipande matatu kesho yake.

Shida ya chama ilikuwa hii. Gari lao hupita kukusanya maziwa asubuhi peke yake. Ya jioni hubaki nyumbani, na wachuuzi wanaijua saa hiyo vizuri: wanakuja na pikipiki zenye mitungi ya plastiki, wanayachukua kwa bei wanayoitaka wao. Kamati ilitaka kununua tangi la kupozea ili maziwa ya jioni nayo yaingie chamani. Mweka hazina alikuwa ameshapiga hesabu zake: tangi litajilipa iwapo familia 205 au zaidi zitaleta maziwa ya jioni, na chini ya hapo chama kitakuwa kinalipa umeme wa kupoza hewa. Ilibaki kujua ni wangapi wangeleta kweli. Kwa kazi hiyo kamati ilikuwa imetenga shilingi 50,000, na kila mahojiano, ukijumlisha nauli ya boda na malipo ya mhojaji, yaligharimu shilingi 350. Mahojiano 385 yangekula shilingi 134,750.

Nilipofika nilimwomba kijana anionyeshe 385 imetoka wapi. Alikuwa ametumia fomula ambayo karibu kila mwanafunzi wa Kenya aliyeandika tasnifu ameipitia:

```
n0 = z² · p(1 − p) / e²
   = 1.96² × 0.5 × 0.5 / 0.05²
   = 384.16
```

Ile 1.96 ndiyo inayobeba uhakika wa asilimia 95. Ile 0.5 ni tahadhari: kama hujui watakaosema ndiyo ni sehemu gani, chukua nusu, maana hapo ndipo majibu hutawanyika zaidi. Na 0.05 ni kiasi unachokubali kukosea, pointi 5 juu au chini. Nilimwambia: sasa nitafutie 420 humo ndani. Akaangalia, akaangalia tena. Haimo. Fomula hiyo inatoa jibu lile lile kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa mwaka 2019 na kwa wafugaji 420 wa Njoro, kwa sababu imejengwa juu ya dhana kwamba kundi halina mwisho, kwamba hata uhoji wangapi bado waliobaki hawapungui. Kwa nchi nzima dhana hiyo haina madhara yoyote. Kwa chama hiki ni kosa kubwa.

Ili Mama Katibu na mweka hazina waone kosa lilipo, nilichukua kadi 10 za wanachama kutoka kwenye kisanduku cha karani nikazipanga mezani. Tuseme chama kizima ni hawa 10, na tumewahoji 9, na 6 kati yao wamesema ndiyo. Chama kizima kina ndiyo ngapi? Mweka hazina alijibu kabla sijamaliza: ni 6 au 7, kwani kadi iliyobaki ni moja. Sahihi kabisa. Lakini fomula ya kawaida ya kosa, ukiipa 6 kati ya 9, inakuambia asilimia 67 na kosa la pointi 31 kila upande, yaani pengine ni asilimia 36 tu. Asilimia 36 ya watu 10 ni kama watu 4, na hapo mezani tayari kuna kadi 6 zilizosema ndiyo! Fomula inahofia jambo ambalo haliwezi tena kutokea.

Marekebisho yenyewe ni kuiondolea hofu hiyo. Kosa lililopatikana kwa njia ya kawaida linazidishwa kwa namba hii, ambapo N ni kundi zima na n ni waliohojiwa:

```
√( (N − n) / (N − 1) )
```

Juu ya mstari ni wale ambao hujawafikia bado. Kwa kadi zetu 10, ni mzizi wa 1/9, yaani theluthi moja, na pointi 31 zinashuka hadi karibu 10. Ukihoji watu wachache katika kundi kubwa, namba hii inakaribia 1 na haibadilishi kitu. Ndiyo maana wengi hawaijali mpaka sampuli ifike kama asilimia 5 ya kundi. Vyuoni kwetu huwa wanafundishwa mpaka mwingine, kwamba kundi likiwa chini ya 10,000 urekebishe. Si vibaya, ila usitarajie makubwa karibu na mpaka huo: kwa kundi la 9,000, ile 385 inashuka hadi 369 tu. Faida halisi inapatikana pale unapohoji theluthi au nusu ya watu wote, kama hapa.

Ukiigeuza hesabu hiyo ili ikupe ukubwa wa sampuli tangu mwanzo, inakuwa hivi:

```
n = n0 / (1 + (n0 − 1) / N)
  = 384.16 / (1 + 383.16 / 420)
  = 200.9
```

Mahojiano 201. Mwenye jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 akitazama mstari wa 420 atakuta 201 hiyo hiyo, maana jedwali zima limejengwa kwa marekebisho haya. Pointi 5 ni zile zile, uhakika ni ule ule, na mahojiano 184 yameondoka. Mama Katibu alipumua.

Lakini kijana alikuwa na karatasi nyingine. Baada ya kuambiwa 385 ni ghali, alikuwa amekaa usiku akafanya hesabu upya na kupata 138, na 138 kwa shilingi 350 ni shilingi 48,300. Ilikuwa imeingia ndani ya bajeti kama mguu kwenye kiatu, na kamati tayari ilikuwa imeipenda. Nilimwomba anieleze hatua kwa hatua, naye alieleza bila kuficha. Alianza na fomula ya Yamane, ambayo inapendwa sana kwa ufupi wake:

```
N / (1 + N·e²) = 420 / (1 + 420 × 0.0025) = 204.9
```

Akapata 205. Kisha akakumbuka mwalimu wake aliwaambia kundi dogo lirekebishwe, akaichukua ile 205 na kuitia kwenye fomula ya marekebisho: 205 / (1 + 204/420), ikatoa 138.

Hapa nataka tukae kidogo, maana kosa hili nimelikuta katika tasnifu na ripoti nyingi kuliko kosa jingine lolote la sampuli, na anayelifanya huwa ni mtu makini anayejaribu kufuata kanuni zote. Fomula ya Yamane tayari imesharekebishwa. Ukiifungua ndani utakuta 400, ambayo ni ile fomula ya kwanza ikiwa na 2 mahali pa 1.96, kisha 400 hiyo imegawanywa kwa 1 + 400/N. Ndiyo maana jibu lake, 205, liko jirani sana na 201. Dalili iko kwenye herufi: fomula yoyote ya ukubwa wa sampuli iliyo na N ndani yake imekwisha kulipunguza kundi. Ukiipunguza tena umehesabu ujuzi ule ule mara mbili.

Njia ya kulithibitisha ni kurudi nyuma. Chukua sampuli unayotaka kutumia na uulize inakupa kosa kiasi gani. Kwa 138 kati ya 420, kosa la kawaida ni pointi 8.3, marekebisho ni mzizi wa 282/419, kama 0.82, ukizidisha unapata pointi 6.8. Kwa 201 unapata 5.0 kamili. Kijana alifanya hesabu hiyo mwenyewe kwa simu yake, akaifanya mara ya pili, kisha akakata ile 138 kwa kalamu. Hakuna aliyemcheka. Kamati ndiyo iliyobaki na uamuzi: kubaki na shilingi 50,000 na kukubali pointi 6.8, au kuongeza pesa. Walipoona kwamba uamuzi wa tangi unasimama kwenye familia 205 za mweka hazina, karibu na nusu ya chama, waliongeza.

Tukaingia kwenye rejista. Kwa sampuli ya kawaida rejista yenye majina yaliyokufa ni usumbufu wa wahojaji. Unapotumia marekebisho ni zaidi ya hapo, kwa sababu unadai kosa dogo kwa misingi ya kwamba unajua waliobaki ni wangapi. Kama N si ya kweli, dai hilo nalo si la kweli.

Karani alileta rejista kubwa ya jalada jeusi na karatasi za malipo za miezi mitatu, tukapitia namba kwa namba. Majina 19 yalikuwa ya waliofariki bila familia kuendelea na ufugaji, au waliohama wakauza ng'ombe. Jozi 12 zilikuwa za mume na mke waliojiandikisha kila mmoja na namba yake, huku maziwa ni ya ng'ombe wale wale. Tangi halijali namba, linajali maziwa, kwa hiyo kila jozi ikawa familia moja. Zikabaki 389.

Kisha tukafika kwa wale 27 ambao hawakuwa wameleta hata kilo moja kwa miezi hiyo mitatu. Mwenyekiti alitaka wafutwe: hawaleti maziwa, wa nini? Mama Katibu alikataa, na nilikuwa upande wake. Mtu asiyeleta maziwa asubuhi si lazima awe hana maziwa. Huenda anamuuzia mchuuzi yote, asubuhi na jioni, na huenda tangi ndilo lingemrudisha, au huenda yeye ndiye angesema hapana kwa sauti kubwa kuliko wote. Swali letu lilihusu maziwa ya jioni ya wanachama wote, nao ni wanachama. Wakabaki ndani.

Kwa N ya 389 fomula inatoa 193.5, yaani 194. Tofauti na 201 ni mahojiano 7 tu, na mweka hazina aliuliza kama saa nne za kuhangaika na rejista zilistahili hizo 7. Zilistahili, lakini si kwa sababu ya hizo 7. Mwishoni tungezidisha asilimia kwa N ili kupata idadi ya familia, na asilimia 52 ya 420 ni familia 218, ilhali asilimia 52 ya 389 ni 202. Majina 16 ya hewa yangetosha kununua tangi lisilojilipa.

Bado kulikuwa na wale ambao hawangepatikana. Wahojaji walikadiria mmoja kati ya 10. Utaratibu ni kurekebisha kwanza, kisha kuongeza: 194 ukigawa kwa 0.9 ni 216. Ukianza kwa kuongeza, 385 inakuwa 428, na ukiirekebisha baadaye inashuka hadi 204. Wakikosekana wale mmoja kati ya 10, unabaki na 184, chini ya 194 uliyohitaji. Watu wa kukosekana watapungua kutoka kwenye ile sampuli ya mwisho utakayoipeleka mashambani, kwa hiyo nyongeza yao iwekwe juu ya hiyo.

Tuliwapa wanachama namba mpya kuanzia 1 hadi 389, kompyuta ikachagua 216 bila kurudia namba. Kutorudia ni sharti: marekebisho yote yanategemea kwamba kila mahojiano yamempunguza mtu mmoja kutoka kwa waliobaki. Siku ya pili ya kazi, mhojaji wa njia ya Lare alirudi na daftari limejaa, hakuna aliyekosekana. Nilifurahi kisha nikashtuka. Kulinganisha namba za kadi na orodha kulionyesha kadi 3 ambazo hazikuwa zimechaguliwa. Alipokuta nyumba imefungwa alikuwa amebisha kwa jirani. Na jirani anayekuwepo nyumbani saa nne asubuhi ndiye mwenye ng'ombe zizini na muda wa kuongea, naye ndiye anayelipenda tangi. Tuliyatoa mahojiano hayo 3, na wale waliofungiwa milango tukawaandika walivyokuwa: hawakupatikana.

Kazi ilipokwisha, 197 walikuwa wamehojiwa na 19 hawakupatikana. Waliosema wangeleta maziwa ya jioni walikuwa 116, sawa na asilimia 58.9.

Kijana alifanya hesabu ya kosa kwenye lahajedwali na kupata pointi 6.9. Akaniangalia kwa mashaka: si tuliahidi 5? Hapa ndipo marekebisho hupotea kimyakimya. Mtu huyatumia kupunguza sampuli, kisha siku ya kuchambua anarudi kwenye fomula ya kawaida, au anatumia programu ambayo haijaambiwa N. Sampuli imepunguzwa kwa kanuni moja na kosa linapimwa kwa nyingine. Ukiona ripoti inasema ilipanga pointi 5 kwa kundi dogo kisha inaleta 7 bila watu wengi kukosekana, tazama hapo kwanza. Kwenye programu ya takwimu ya R, kifurushi cha survey kinataka mstari mmoja tu wa ziada:

```r
library(survey)
d$N <- 389
des <- svydesign(ids = ~1, data = d, fpc = ~N)
confint(svymean(~ndiyo, des))
```

Kosa lilishuka hadi pointi 4.8: kati ya asilimia 54.0 na 63.7. Kwa familia 389, hizo ni kati ya 210 na 248. Bila marekebisho mwanzo ungekuwa 202, chini ya 205 ya mweka hazina. Tangi lilikuwa limekaa katikati ya fomula mbili.

Mwenyekiti hakuridhika, na sikumlaumu. Alisema inaonekana kama tumetafuta hesabu itakayokubali. Nikaacha kompyuta, nikarudi kwenye kadi. Familia 116 zimeshasema ndiyo kwa midomo yao. Hizo si makadirio. Ili kufika 205 zinahitajika 89 zaidi. Familia ambazo hatukuzihoji ni 192. Kwa hiyo swali lililobaki ni dogo: kati ya hao 192, je, 89 watasema ndiyo, yaani asilimia 46? Waliohojiwa wamesema ndiyo kwa asilimia 59, nao walichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ile ile. Fomula ya kawaida inawatia shaka wote 389 upya, pamoja na wale ambao majibu yao yako kwenye daftari. Marekebisho yanatia shaka 192 peke yao. Mwenyekiti aliitaka hesabu hiyo iandikwe ubaoni, ikaandikwa.

Nililazimika kuwaharibia furaha kidogo. Kati ya hao 192 kuna wale 19 waliochaguliwa wakakosekana, na kwao marekebisho hayasemi lolote. Fomula inachukulia kwamba ambaye hukumhoji aliachwa na bahati nasibu. Hawa waliachwa na sababu yao wenyewe. Tukiwahesabu wote 19 kuwa hapana, tunapata ndiyo 116 kati ya 216, asilimia 53.7, na mwanzo wa makadirio unashuka hadi familia 192. Chini ya 205 kabisa. Marekebisho yalikuwa yametupa makadirio membamba, na wembamba huo ungeweza kutufanya tusahau shimo lililokuwa wazi pembeni.

Wahojaji walirudi, safari hii jioni, saa za kukama, wakapata 11 kati ya 19. Ndiyo zilikuwa 4, hapana 7. Tofauti na wenzao, kama tulivyohofia. Wengi wa waliokataa walitoa sababu moja: mchuuzi hulipa papo hapo jioni hiyo hiyo, chama hulipa mwisho wa mwezi, na pesa za jioni ndizo zinazonunua sukari. Mama Katibu aliandika jambo hilo kwenye kumbukumbu za kamati kabla ya kuandika namba.

Hesabu mpya ikawa ndiyo 120 kati ya 208, asilimia 57.7, kosa la pointi 4.6. Katikati ni familia 224, mwanzo 207, na 8 bado hawajapatikana. Niliwaambia wazi kwamba 207 dhidi ya 205 si nafasi ya kulalia usingizi.

Wiki hiyo chama jirani kilisikia habari na kuomba namba hizo kwa ajili ya tangi lao. Nilimsihi Mama Katibu asiwape ile pointi 4.6. Kosa hilo ni la familia hizi 389 na orodha hii tu. Ukianza kuwatumia wafugaji hawa kama mfano wa wafugaji wengine, au hata wa chama hiki hiki miaka mitano ijayo kikiwa na wanachama wapya, waliobaki si 181 tena, hawana idadi, na marekebisho yanaondoka. Kosa linarudi kuwa pointi 6.7, na bado utahitaji sababu ya kuamini kwamba majirani wanafanana nanyi kwa umbali wa barabara na bei ya mchuuzi.

Kamati ilipokutana, Mama Katibu alirudi kwenye swali alilonipigia simu nalo. "Hawa 181 waliobaki, mwalimu. Kuwafuata wote nyumbani ni zaidi ya elfu sitini. Lakini wengi wao si wanapita kwa mizani kila asubuhi?" Walikuwa wanapita. Tulikubaliana karani awaulize wanapochukua risiti, kwa maneno yale yale ya wahojaji, na asiwe mwenyekiti anayeuliza, maana kwake watu wangesema ndiyo kwa heshima. Wale wasiofika kwenye mizani, 14 katika hesabu ya siku hiyo, wangefuatwa nyumbani jioni. Kadiri n inavyoikaribia N, ile namba iliyo juu ya mstari inapungua, na siku wa mwisho atakapojibu itakuwa sifuri, wala hapatakuwa na kosa la sampuli la kuzungumzia.

Karani alianza na njia ya Lare. Mchana alinitumia picha ya karatasi yake: majibu 23, na juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, "zimebaki 158".